Chale Kabla ya Uvimbe

Wanawake kumi na moja walikuwa kwenye foleni ya kisima cha Kabusili, wote wakisema kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya kisimani. Sihaba alikuwa amekaa juu ya jiwe pembeni, akimsubiri mwenyekiti wa kijiji arudi kutoka mashamba ya mpunga. Mara maneno yakakatika. Hakuna aliyesema nyamazeni. Yalikatika tu, na wanawake wale wakarudi nyuma hatua mbili tatu, bila hasira wala haraka, kama watu wanaopisha upepo.

Mwanamke mzee akapita katikati yao na ndoo yake. Akateka maji, akaiweka ndoo kichwani, akaondoka. Hakumtazama mtu na hakuna aliyemtazama. Alipopotea nyuma ya ua wa minyaa, mwanamke aliyekuwa akisimulia habari ya mbuzi wake aliendelea palepale alipoachia, kwenye neno lilelile.

"Shikamoo, mayu," Sihaba alikuwa amemwamkia yule mzee alipopita karibu yake, akimwita mama kwa Kisukuma. Mzee hakuitikia. Sasa foleni nzima ilikuwa inamwangalia Sihaba.

"Wewe mgeni, usirudie," mmoja akamwambia kwa sauti ya chini. "Faini yake ni mbuzi."

Sihaba, au Mama Shaibu kwa waliomheshimu, alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Kirumba, baba yake Mwislamu wa Tabora na mama yake Msukuma wa Magu. Alianza kuuza dagaa pale sokoni Mwaloni akiwa na miaka kumi na minne, na alijua kwa kutupa jicho tu kama kisado kimejazwa au kimebonyezwa tako ili kibebe kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Watafiti walipoanza kufika sokoni wakitafuta mtu anayekijua Kisukuma na asiyedanganyika, aliwaambia, "Mtu ni mimi, ila msinipe bei ya kwanza." Tangu hapo miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Nyumba yake ya Buzuruga, vyumba vitatu na kibaraza, aliijenga kwa kuuliza watu maswali. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alipowazika mumewe na mama yake mwaka mmoja, watu walimwona akibishana na fundi juu ya saruji ya kaburi, wakasema ana moyo wa jiwe. Yeye akasema saruji ile ilikuwa na mchanga mwingi.

Mwenyekiti Luhende alipofika alimkaribisha ofisini, chumba chenye meza moja na bendera iliyopauka. Sihaba hakuzunguka.

"Baba, yule mama wa kisimani amefanya nini?"

"Paskazia? Ametengwa. Miezi miwili sasa. Haongeleshwi, haombwi moto, hapewi, msiba wake ni wake. Mpunga ukivunwa anahama." Luhende akashangaa. "Na wewe unauliza? Si karatasi yako?"

Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Sihaba aliutambua mwandiko wake. Mwezi wa tisa shirika moja dogo lilikuwa limempeleka Kabusili kwa siku mbili, nyumba kwa nyumba, kuangalia afya za watoto. Kati ya watoto mia nne na kumi na wawili, watatu walikuwa na uvimbe wa taya. Wote watatu walikuwa na chale mbichi mashavuni, na chale za kijiji kile alizichanja Paskazia. Miongoni mwa wazima mia nne na tisa, wenye chale za shavuni walikuwa sita tu. Siku ya kuaga, Luhende alimwomba amwachie muhtasari. Akamwandikia kwa kalamu, vizuri, kwa mistari.

"Watatu kwa watatu," Luhende akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Wazima sita katika mia nne. Hata mbuzi angeelewa."

Sihaba aliisoma karatasi yake mara mbili, kama mtu anayekagua fedha iliyorudishwa dukani. Hesabu ilikuwa sahihi. Kila namba ilikuwa sahihi.

* * *

Mwezi wa kwanza aliitwa kwenye kikao katika hospitali ya mjini. Chumba kilikuwa juu, dirisha likitazama ziwa, na siku hiyo wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka majini kwa wingi, nguzo nyeusi ndefu kama moshi wa moto ambao hakuna mtu aliyeuwasha. Daktari Najat, bingwa wa saratani za watoto, alikuwa mezani na mafaili yake. Iqbal, mtakwimu, kijana wa familia ya wenye maduka ya vitambaa mjini, alikuwa na kompyuta yake. Sihaba aliitwa kwa ajili ya gharama za safari tu. Kahawa ilipoletwa alivuta kiti karibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule uvimbe wa taya, saratani ambayo madaktari huiita limfoma ya Burkitt. Hutibika mtoto akiwahi. Ila ni adimu: Najat alikadiria watoto watano kwa mwaka katika kila laki moja. Walitaka kujua ni mambo gani katika maisha ya mtoto yanayotangulia uvimbe huo, na Sihaba alikuwa ameshawaomba waweke chale kwenye orodha ya maswali.

"Mimi nasema tuchukue watoto wazima elfu mbili," Iqbal akasema. "Tuwafuatilie. Malaria, chakula, chale, kila kitu kinaandikwa siku kinapotokea. Halafu tunangoja nani ataugua. Hapo hakuna ubishi kipi kilitangulia."

"Na watakaougua ni wangapi?" Najat akauliza.

Iqbal akabonyeza vitufe. Akavibonyeza tena.

"Sema, baba," Sihaba akamhimiza.

"Mmoja. Kwa miaka kumi."

"Miaka kumi!" Sihaba akacheka. "Kwa mtoto mmoja! Nikupeleke Mwaloni ukamsubiri sangara mwenye vichwa viwili, utafunga kazi mapema zaidi. Na mayu Paskazia anahama mpunga ukivunwa."

"Kufuatilia kundi ni kuzuri kwa ugonjwa unaopata wengi," Najat akasema. "Huu ni adimu mno kwa njia hiyo. Wafadhili wanapenda utafiti wa mara moja. Wiki tatu, wilaya nzima, unapita siku moja kila kijiji, unapima walio na uvimbe na wasio nao."

"Daktari, huo nimeshaufanya," Sihaba akasema. Akawasimulia karatasi ya Luhende, kisima, na neno la mbuzi lililoendelea palepale lilipoachiwa. Hakupamba. "Niliona chale na uvimbe kwenye shavu moja siku moja. Sikuuliza kipi kilifika kwanza. Nilipiga picha ya watu wawili mlangoni, kijiji kikasema huyu ndiye aliyemleta yule."

Najat akaitikia kwa kichwa. "Na kuna kingine. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miaka. Ukipita leo unamkuta wa leo. Aliyekufa mwezi jana hayupo, aliyelazwa kwetu hayupo. Unahesabu waliobaki nyumbani tu, halafu unadhani ndio wote."

Ikabaki njia ya tatu, na Iqbal aliieleza kwa shingo upande. Mnaanza na wagonjwa wenyewe, wale waliothibitishwa kwa kipimo cha nyama ya uvimbe hospitalini katika miaka miwili: walikuwa arobaini na wawili, kutoka wilaya kadhaa. Kwa kila mmoja mnatafuta watoto wazima watatu wa umri ule, jinsia ile, kijiji kile. Halafu mnarudi nyuma. Kabla ya uvimbe kuanza, huyu alipitia nini na wale walipitia nini? Kwa mzima mnatumia tarehe ileile ambayo uvimbe wa mwenzake ulianza.

"Haitatuambia watoto wangapi wanaugua Kabusili," Iqbal akaonya. "Itatuambia tu kama jambo fulani liliwatangulia wagonjwa zaidi kuliko wazima. Na ubaya wake ni kumbukumbu. Mama mwenye mgonjwa amekaa wodini miezi anajiuliza nilikosea wapi. Anakumbuka hata chungu kilichovunjika. Mama wa mzima hana sababu ya kukumbuka chochote."

"Tutawakumbusha sawasawa," Sihaba akasema. "Pasaka, mvua za vuli, mwaka ziwa lilipokula barabara. Mimi nikitaka mtu akumbuke, anakumbuka."

Iqbal aliliandika neno lile pembeni ya daftari lake.

* * *

Kazi ya wagonjwa haikuwa ngumu. Ugumu ulianza kwa wazima.

Luhende alitaka kumrahisishia. "Nitakuchagulia mimi. Watoto safi, wa watu wanaoeleweka."

"Baba, ahsante, ila hao watakuwa ndugu zako, na ndugu zako wanakwenda zahanati, hawachanji. Nikiwachukua hao, mayu Paskazia nimemmaliza mimi mwenyewe mara ya pili." Majina yalitoka kwenye rejista ya kijiji, na Iqbal aliyachagua kwa bahati nasibu kutoka mjini bila kumjua mtu.

Bahati nasibu ndiyo iliyowatisha watu. Kama angemchagua mtoto kwa sababu, sababu ingejadiliwa. Lakini mgeni anafika na kishikwambi, anasema mtoto wako mzima ametokea kwenye orodha, aandikwe pamoja na mgonjwa wa taya. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamewapa jina: vivuli. Ilisemekana mgonjwa akipewa vivuli vitatu atapona, maana uvimbe utahamia kwa kimoja.

Sihaba akawa anafika kwenye miji, yaani nyumba na uwanja wake, isiyo na watu. Moto unawaka jikoni. Uji unachemka na mwiko umo ndani ya sufuria, bado unazunguka polepole. Ndala za mtoto ziko mlangoni, moja imepinduka. Hodi yake haiitikiwi. Anasimama uani jua la saa nne likiwa kali, na anajua kwa ngozi ya shingo kwamba kutoka kwenye minyaa watu wanamwangalia, watu wazima na watoto, wakiwa wamebana pumzi. Wakati mwingine alisikia kikohozi kidogo kikizibwa kwa kiganja.

Hakukimbia na hakubembeleza. Alikaa chini kwenye kivuli cha kibanda, akafungua furushi lake, akala kiporo chake cha mihogo kwa mapozi, akaongea na minyaa.

"Karatasi ya mgonjwa iko mjini, imefungiwa kabatini. Hii ya mwanao haina jina la mgonjwa, haina hata jina la mwanao, ina namba. Njoo uishike wewe. Mimi niulize tu, wewe ndiye umeshika. Ukiona neno baya, ichane."

Wengine walitoka. Mama mmoja aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, mpaka swali la mwisho. Alipoaga alimwambia, "Dada, wewe ungeuza hata jivu."

"Nimeshauza," Sihaba akasema. "La kusugulia sufuria."

Wiki ya nne Iqbal akapiga simu.

"Mama Shaibu, shikamoo. Kishikwambi kinaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kwa mama wa mgonjwa unatumia dakika hamsini na mbili. Kwa mama wa mzima, kumi na tisa."

"Marahaba. Wale wana mengi ya kusema."

"Au wewe una mengi ya kuuliza?"

Sihaba alikuwa amesimama ufukweni, maji yakilamba matope, na akaisikia sauti yake mwenyewe ya wiki nne, nyumba baada ya nyumba. Kwa mama wa mgonjwa, neno hapana lilikuwa bei ya kwanza, na yeye hajawahi kukubali bei ya kwanza. Hakuchanjwa? Kabisa? Hata akiwa mchanga? Hata kwa bibi yake? Fikiri tena, mama. Mpaka mama anapunguza: labda mara moja, kifuani. Kwa mama wa mzima, hapana ilikuwa hapana. Alishukuru, akafunga. Miaka yote mdomo wake ulimlisha, na sasa mdomo ule ulikuwa unamhamisha Paskazia, chale moja moja.

"Nimebonyeza kisado," akasema.

"Unasema?"

"Nasema umenikamata. Zifute."

Hazikufutwa. Nyumba zote za mwanzo, za wagonjwa na za wazima, zilirudiwa na Gladness, muuguzi wa Nyegezi mwenye uso mpole, ambaye majina alipewa yamechanganywa bila kuambiwa yupi ni yupi. Makovu yenyewe yalihesabiwa kwa macho. Kuanzia hapo Sihaba aliuliza yaliyoandikwa, mara alizoandikiwa, neno kwa neno, na ilimuuma kama mtu anayekataa chenji yake. Tena kanuni moja ikakazwa: usimwandike mzima hujamwona. Mguse taya kwa vidole vyako.

* * *

Mwezi wa tatu orodha ikamleta kwa Suzana. Mji wake ulikuwa wa mwisho upande wa ziwani, umepakana na wa Paskazia. Kati ya miji hiyo miwili kulikuwa na ua wa minyaa tu, na nyuma ya ua ule mtu alikuwa anafagia, taratibu, bila kukohoa wala kuimba.

Suzana hakukimbia. Alikuwa amekaa mlangoni kama aliyekuwa akimngoja. Alimpa kigoda, akasaini karatasi, akajibu. Mtoto, Elias, miaka sita. Anakula ugali na dagaa. Analala ndani ya chandarua, ila anakitoboa kwa vidole, ana utundu huyo. Malaria mara mbili. Chale, hapana, hajawahi kuchanjwa popote, mimi sipendi wembe kwa mtoto. Alijibu vizuri kuliko mama yeyote wa mzima. Alikumbuka tarehe. Alikumbuka Elias alivaa nini siku ya Pasaka, shati la mistari lililompwaya.

Sihaba aliandika yote, kisha akautazama uwanja. Ulikuwa umefagiwa mpaka ukutani. Hapakuwa na gurudumu la waya, hapakuwa na mchoro mavumbini wala alama ya unyayo mdogo. Sahani ya bati ilikuwa juu ya kichanja, ugali na dagaa, imefunikwa kwa kitambaa.

"Naomba nimwone Elias."

"Amelala."

"Nitamgusa kidogo tu, hata haamki."

Suzana akamtazama. Ng'ambo ya ua, ufagio ukaacha kusugua.

"Njoo basi," Suzana akasema.

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Pale mguuni pa minyaa palikuwa na mahali palipokandikwa udongo, pafupi, pamelainishwa kwa kiganja kama ukuta wa ndani. Hapakuwa na msalaba. Suzana akachuchumaa, akapangusa jani.

"Kabla ya Krismasi," akasema. "Jino lililegea, nikafikiri ni umri. Kesho yake shavu. Wiki ya pili jicho lilikuwa linatoka nje. Nilimfungia ndani, na alfajiri mimi na mdogo wangu tukamzika. Nikasema yuko kwa shangazi yake Geita."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?" Swali hilo halikuwa kwenye orodha.

"Wewe dada, tumia akili. Paskazia ametengwa kwa sababu ya chale. Wangu hana chale hata moja. Wakimwona amevimba, watasema nini? Basi si chale. Basi ni nani? Watamtafuta wa karibu. Wa karibu ni mimi." Alisema hivyo bila kutetemeka. Alikuwa amefikiri sana, na Sihaba hakupata pa kumpinga. "Usiniandike."

Sihaba alisimama pale na kishikwambi mkononi. Hapa palikuwa na jibu ambalo Luhende angelielewa bila hesabu yoyote: mtoto aliyevimba, hajaguswa na wembe, mita thelathini kutoka kwa mchanjaji. Kwa sentensi moja kijijini angemfungua Paskazia kesho. Na keshokutwa wangeanza kumpisha Suzana kisimani.

Jioni alimpigia Najat. Daktari akaeleza kanuni. Elias hawezi kuwa mzima, kwa kuwa alivimba na hayupo. Wala hawezi kuwa mgonjwa, kwa kuwa hakuna kipimo kilichothibitisha.

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Hayupo, Mama Shaibu. Anatolewa. Iqbal atachagua namba nyingine. Na siri ya mama yake unaijua wewe na mimi."

Sihaba alikuwa ameondoa namba nyingi maishani, na dagaa wengi walioharibika. Siku ile, kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kioo kikazimika chenyewe, ikabidi akiwashe upya.

* * *

Mpunga uliiva mwezi wa tano, na hesabu ikaiva kabla yake kwa siku tisa. Iqbal aliwaonyesha. Ukiuliza kwa mtindo wa karatasi ya zamani, yaani nani ana chale, wakati wowote: wagonjwa thelathini na watatu kati ya arobaini na wawili, wazima thelathini tu kati ya mia moja ishirini na sita. Ni pengo la kutisha. Ukiuliza nani alichanjwa kabla ya tarehe ya uvimbe: wagonjwa kumi, wazima ishirini na wanane.

"Yaani katika kila mia, ishirini na nne kwa ishirini na mbili," akasema. "Karibu sawa. Ila usiende kusema chale hazina lolote kabisa. Watu arobaini na wawili ni wachache. Sema hatukuona kwamba zinautangulia."

Walikwenda Kabusili, Najat na Sihaba. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, na Paskazia alikaa pembeni peke yake juu ya tofali, duara la nafasi tupu likimzunguka kama limechorwa kwa kamba. Najat alisoma namba. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha Luhende akainuka.

"Daktari, ahsante. Lakini hao wa Sengerema na Ukerewe hatuwajui. Sisi tuna watatu wetu, na watatu wote wana chale. Karatasi tunayo."

Sihaba akasimama. Alijua bei ilikuwa imetajwa, na alijua yake.

"Karatasi ni yangu, na ni mbovu. Namba ni nzima, swali ndilo bovu. Nilihesabu chale, sikuhesabu siku. Mama watatu wako hapa, nimewaomba, wamekubali. Sitawauliza zaidi ya jambo moja, na kila mmoja nitamuuliza kwa maneno yaleyale." Akawageukia. "Mama, siku ulipompeleka mtoto kwa mayu Paskazia, ulimpelekea nini?"

Wa kwanza, ambaye mwanawe alikuwa bado kwenye matibabu, akasema, "Shavu lilikuwa limevimba."

Wa pili akasema, "Uvimbe. Jino lilishatoka."

Wa tatu, ambaye mwanawe alikufa, alitazama chini. "Alikuwa ameshavimba wiki nzima. Mayu alikataa kumchanja. Aliniambia nipeleke hospitali. Mimi nikamlazimisha."

Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mkutano ulisikika ukivuta pumzi.

Luhende alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mjinga. Akakaa, akainuka tena. "Basi tumemfungulia. Atakayetaka moto kwake akaombe." Kisha akauliza swali ambalo Sihaba aliliogopa tangu mwezi wa tatu. "Kama si yeye, ni nani?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Watu wakaanza kutazamana, polepole, uso hadi uso, mmoja anamwacha jirani yake anahamia kwa mwingine. Sihaba aliyaona macho yale yakipita safu ya nyuma, alikokaa Suzana na khanga yake imevutwa mpaka kwenye nyusi.

"Si mtu," Sihaba akasema kwa sauti ya sokoni. "Daktari anatafuta malaria, anatafuta kirusi cha mate ambacho karibu sote tunacho. Hatujamaliza. Anayetaka jina la mtu leo, sina, na sitauza nisichonacho. Mtoto akilegea jino bila sababu, wodini siku hiyohiyo. Anayemficha kwa kuogopa macho yenu, nyinyi ndio mmemficha."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka kwa makundi, na kwa muda hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuivuka ile nafasi tupu. Suzana ndiye aliyeivuka. Alimfuata Paskazia mpaka nyumbani kwake, na Sihaba, aliyepita njia hiyo kwenda kwenye gari, aliwaona kwa juu ya ua: Suzana amepiga magoti na kigae mkononi, Paskazia akichukua kaa la moto jikoni kwa vijiti viwili.

"Shikamoo, mayu," Suzana alisema.

Yule mzee alifungua mdomo. Haikutoka sauti mara ya kwanza, kama bomba lililokaa bila maji. Mara ya pili ikatoka.

"Marahaba. Pole kwa Elias," akasema, akaliweka kaa katika kigae. "Nilikusikia ukichimba. Nilitaka kuja, nikakumbuka sipo."